Tupeane uzoefu: mtoto kifua kinapiga filimbi na anapumua mbiombio, mlijuaje ni wa kukimbiza hospitali?

Mama Wawili: Wangu ana mwaka na miezi minane. Kila akishikwa na mafua, kifua kinaanza filimbi, usiku ndiyo balaa. Zahanati wanatupa antibayotiki tu. Hii ni pumu? Na mnakimbia hospitali akifikia hali gani?

Kijana wa Ng'ambo: Mimi pumu ninayo toka shule ya msingi. Inhela haitoki mfukoni, nikicheza mpira vumbini navuta, basi.

Mama Wawili: Kaka, huyu hata kupenga kamasi hajui, atavutaje?

Nesi wa Zamu: Anavutia kwenye chupa. Kama spesa, kile chombo cha kuvutia dawa ya inhela, hamna, wodini tunachukua chupa ya maji ya nusu lita, tunatoboa kitako kitundu cha kubana mdomo wa inhela, mtoto anapumulia upande wa pili. Tikisa, bonyeza mara moja, aache apumue kama mara tano, ndipo ubonyeze tena. Ila kipimo upewe na daktari aliyemwona.

Kuhusu kukimbia: mfunue kifua akiwa ametulia au kalala, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Umri wake, 40 kwenda juu ni haraka, apelekwe siku hiyohiyo. Kisha tazama chini ya mbavu. Akivuta hewa pale pakiingia ndani, au ameshindwa kunyonya, amelegea, midomo imebadilika rangi, ondoka hata saa nane usiku. Na filimbi ikinyamaza huku bado anahangaika, msifurahi. Hapo hewa haipiti.

Bibi wa Mlimani: Wetu tuliwakanda mafuta ya karafuu wakapona. Hizo mashine za mvuke zinamzoesha mtoto. Toeni jiko la mkaa ndani, na ile dawa ya mbu ya kuchoma.

Nesi wa Zamu: Ya moshi nakuunga mkono, bibi. Ya kuzoea, hapana.

Baba Karanga: Wa kwangu hakuwa na mafua wala homa. Alikuwa anakula karanga, akapaliwa, akakohoa sana, akatulia. Jioni filimbi. Daktari akasikia upande mmoja tu wa kifua, tukapewa rufaa, karanga ikatolewa kwenye njia ya hewa. Filimbi ya ghafla, ulizeni alikuwa anakula nini.

Mama Wawili: Nimehesabu sasa hivi amelala: 46. Mbavu haziingii, ananyonya. Kwa hiyo ni pumu?

Nesi wa Zamu: Kwa umri huu wengi hatuliandiki jina hilo haraka. Virusi vya mafua pekee vinaweza kuleta filimbi. Kwenu kuna mwenye pumu, au mtoto ana ukurutu?

Mama Wawili: Baba yake ana pumu.

Nesi wa Zamu: Waambie hilo. Lakini 46 nenda sasa, uliza kama wana salbutamoli ya kuvuta. Wakimpa, wahesabu pumzi tena baadaye.

Mama Wawili: Naita bodaboda. Kadi ya kliniki nabeba?

Nesi wa Zamu: Beba, pamoja na dawa zote alizokunywa. Na mshike wima, usimlaze.