Chura mita 50: kugusa ukuta kwa mikono miwili

Kutoka: Mama Naima, Kisasa

Hamjambo ndugu zangu. Naima wangu ana miaka 9 na Jumamosi ya wiki ijayo ana gala yake ya kwanza ya kuogelea tangu tuhamie Dodoma. Mimi nimekulia Kitui, kwetu maji yalikuwa ya kuchota, si ya kuogelea, kwa hiyo nahitaji msaada wenu. Karatasi ya shule inasema ataogelea chura mita 50 na chali mita 50, bwawa ni la mita 25. Juzi mazoezini alifika wa kwanza kwenye chura, lakini mwalimu akasema ingekuwa gala asingehesabiwa kwa sababu alipogeuka aligusa ukuta kwa mkono mmoja. Mtoto alilia njia nzima hadi nyumbani. Nilikuwa nimekaa pale pale pembeni na sikuona kosa lolote. Niangalie nini?

Kutoka: Baba Imani, Ipagala

Mama Naima, mwalimu yuko sawa. Kwenye chura na kipepeo ni mikono miwili, tena iwe usawa mmoja kabisa, mmoja ukiwa juu ya mwingine ameondolewa. Na uangalie pia wakati wa kuondoka ukutani: mikono ikiachia kwa kupishana, hilo ni kosa la pili. Kwenye chali ni rahisi zaidi, asigeuke kifudifudi popote.

Kutoka: Mama Furaha, Area D

Pole kwa Naima. Mwanangu naye mwaka jana alisimama katikati ya bwawa, mtindo huru, miwani ilijaa maji. Nikamwita kwa sauti atoke, nikijua ameshaondolewa. Akatoka. Mpaka leo ananiuliza kwa nini nilimtoa. Na kwa baridi hii ya Julai mpelekee koti zito na taulo mbili, upepo wa asubuhi hapa si kama wa kwetu Bukavu, mtoto akitoka majini unamkata.

Kutoka: Mzee Salim, Iyumbu

Nimesimama ukutani kama mwamuzi wa kugeuka kwenye gala za shule Mombasa kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niandike kidogo kirefu.

Baba Imani, la mikono miwili ni kweli. Lakini usawa si sharti. Mkono mmoja unaweza kuwa juu ya maji na mwingine chini ya maji. Kinachotakiwa ni iguse kwa wakati mmoja, na iwe imeachana, isilaliane. Na kuondoka ukutani kwa kupishana si kosa hata kidogo, ndivyo wanavyofundishwa. Baada ya kugusa, mkono mmoja unavutwa nyuma ndani ya maji, kiwiko kikipita karibu na mbavu, na wa pili unapita juu karibu na sikio. Mzazi aliye pembeni huona ule mkono wa pili umebaki ukutani peke yake, akadhani mtoto kagusa kwa mmoja. Wengine huona mikono miwili ukutani na hawajui kwamba wa kulia ulitangulia. Ndiyo maana Mama Naima hukuona kitu. Mwamuzi yeye anasimama mwisho wa njia, anatazama chini moja kwa moja. Akiona kosa huinua mkono mmoja, kisha huandika alichokiona. Mtoto haambiwi wala hasimamishwi, anaogelea mpaka mwisho.

Sasa kwa nini mtoto anagusa kwa mmoja wakati anajua kanuni? Mara nyingi ni hesabu ya umbali. Tuchukue Naima. Anakaribia mita 25, amemaliza mvuto, mikono imeshanyooka mbele, na ukuta bado uko mbali kama urefu wa mkono. Hana nafasi ya mvuto mzima, na kuteleza tu kunamwonekea kuchelewa. Kwa hiyo anarusha mkono wa kulia, bega la kushoto linazama, na kosa limeshafanyika. Akimchungulia mwenzake wa njia ya pili ndiyo kabisa, kwa maana kichwa kikigeuka na bega hufuata.

Dawa yake ni kuhesabu tangu kwenye vibendera. Kile kikamba cha vibendera kinachopita juu ya bwawa kiko mita 5 kutoka ukutani. Kimewekwa kwa ajili ya watu wa chali, lakini wa chura pia kinamfaa. Aogelee kwa kasi ya mashindano, si polepole, ahesabu mivuto kutoka hapo hadi ukutani. Ikiwa ni mitatu na nusu, basi avute mitatu iliyo mirefu kidogo na ateleze mikono ikiwa imenyooka. Akiteleza hivyo, mikono yote miwili hufika pamoja bila hata kufikiri.

Chali: Baba Imani, umepata nusu. Kwenye kumaliza, ni lazima aguse ukuta akiwa chali. Kwenye kugeuka anaruhusiwa kubingirika kifudifudi, lakini avute mara moja na apinduke papo hapo. Akibingirika, halafu akaanza kupiga miguu kuutafuta ukuta, ameondolewa. Yaani kubingirika kule kule kunakoruhusiwa mita 25 kunamwangusha mita 50. Kwa gala ya kwanza mimi ningemwambia abaki chali, aguse kwa mkono, ageuke, na asukume ukuta akiwa chali.

Mama Furaha, mtoto wako hakuwa na kosa. Mtindo huru unaruhusu kusimama chini. Asichoruhusiwa ni kutembea wala kuvuta kamba ya njia. Angerekebisha miwani na kuendelea.

Kutoka: Mama Furaha, Area D

Mzee, nitamwambia leo jioni. Nitamwomba radhi.

Kutoka: Baba Imani, Ipagala

Nimekubali, Mzee. Lakini watoto wa miaka 9, gala ya kwanza, si waamuzi huwaonya tu? Nilikotoka wadogo waliachiwa.

Kutoka: Mzee Salim, Iyumbu

Inategemea refa na waandaaji. Mimi niliandika kosa kwa umri wowote, kwa sababu mtoto wa njia ya jirani aligusa kwa mikono miwili na ikamgharimu muda. Najua wenzangu waliofanya tofauti na siwalaumu. Mama Naima amuulize mwalimu kabla ya siku yenyewe.

Na ikitokea herufi DQ kwenye matokeo, yaani ameondolewa, usimfuate mwamuzi. Kocha ndiye anayeuliza ni kosa gani lililoandikwa. Maandishi yale yana uzito: Olimpiki ya Athens 2004, muogeleaji Aaron Peirsol aliondolewa kwenye mita 200 chali kwa kosa la kugeuka, kisha akarudishiwa dhahabu yake kwa kuwa maelezo ya mwamuzi hayakutosheleza.

Kutoka: Mama Naima, Kisasa

Shikamoo Mzee Salim, na asante sana. Bwawa tunalofanyia mazoezi halina vibendera, kwa hiyo jana nilipima mita 5 kwa tepu ya fundi na kuweka kiti cha plastiki pembeni, nikakifunga leso nyekundu akione anapoinua kichwa kuvuta pumzi. Mara ya kwanza mivuto 4 na akabaki mbali, mara ya pili 4 akateleza, mikono ikafika pamoja. Baada ya hapo, kati ya mara 10 alipata 7. Zile 3 zote zilikuwa mwishoni, ameshachoka, na mivuto ikawa 5. Je, akichoka ahesabu 5, au bora nimzoeze kurefusha ile 4? Mwalimu anasema arefushe. Kuhusu kuonywa au kuondolewa, amesema ataulizia.

Kutoka: Mzee Salim, Iyumbu

Marahaba. Kwa mita 25 namuunga mkono mwalimu, arefushe. Kwa mita 50 ningemwachia 5, kwa sababu mtoto aliyechoka akirefusha sana kasi inakufa kabla hajafika, na hapo ndipo mkono mmoja unaporushwa. Mjaribuni zote mbili Alhamisi akiwa amechoka kweli, mwone ipi inashika.