Mteja kaskani QR ya dukani, simu yake imeandika amelipa, hela siioni. Nimkate kijana mshahara?

Muuza_Mchele: Wakuu, habarini. Nina duka la rejareja Mbagala. Jumamosi jioni mteja alichukua mchele kilo 25 na mafuta lita mbili, jumla 86,000. Akaskani karatasi ya QR iliyobandikwa kaunta, akamwonyesha kijana wangu skrini imeandika malipo yamekamilika, akabeba mzigo akaondoka. Hela haijaingia. Kijana nimkate yote au nusu? Nimeshakata 43,000, moyo unanisuta.

Bibi_Tunu: Mwanangu, mshahara wa mtu usiuchezee. Mimi nilikatwa mwaka mzima kwa kreti la soda ambalo sikulivunja.

Kaka_Ilala: Dawa ni meseji. Meseji ikiingia mpe mzigo, isipoingia abaki amesimama.

Fundi_Laini: Kaka, hapo umepatia nusu. Meseji inaigizwa. Ya kitapeli mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida, lakini hata jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Kabla mzigo haujatoka, ingia mwenyewe kwenye menyu ya Lipa Namba, angalia salio limepanda na muamala upo.
Mleta mada, hiyo karatasi haijui kama hela imeingia. Ni maandishi tu. Ukiisoma kwa programu ya kawaida ya kuskani utaona mstari unaoanza `000201`, na katikati kitu kama hiki:

```
5802TZ5910MAMA NEEMA
```

TZ ni nchi, 59 ni sehemu ya jina, 10 ni idadi ya herufi pamoja na nafasi. Kiasi hakimo, mteja anakiandika mwenyewe, kwa hiyo anaweza kuandika 8,600 na kijana akasoma haraka haraka. Sasa niambie, meseji za malipo zinaingia simu ya nani?

Muuza_Mchele: Zinaingia tu kwenye laini ya biashara.

Fundi_Laini: Laini hiyo iko wapi?

Muuza_Mchele: Iko kwa shemeji, Morogoro. Namba imesajiliwa kwa jina lake kwa sababu kitambulisho changu cha NIDA kilichelewa. Ni mtu mwaminifu, kila Jumapili ananitumia mauzo ya wiki, sijawahi kulalamika. Kwa hiyo msianze na shemeji, swali langu ni la kijana.

Mama_Genge: Ohoo! Kijana unamkata kwa meseji ambayo hata hana namna ya kuiona? Mimi genge langu simu iko kiunoni. Mteja akilipa nasikia mlio, nafungua, nasoma jina na kiasi, ndipo nafunga nyanya.

Mzee_wa_Chai: Hii chai. Anayenunua kilo 25 kwa QR anajulikana mtaani, na duka la Mbagala laini iko Morogoro? Mnamtungia mleta mada majibu bure.

Muuza_Mchele: Mzee, sina sababu ya kutunga. Mteja ni mgeni, alikuja na bodaboda. Shemeji nilimpigia usiku, akasema hajaona kitu.

Fundi_Laini: Iwe chai isiwe chai, wenye duka la namna hii wapo. Hapo kuna njia tatu. Skrini ilikuwa picha ya uongo. Au kuna mtu amebandika QR yake juu ya yako, hela ikaenda kwake. Au hela imeingia na hukuambiwa. Kuna na ya nne, mteja anakatwa muamala unaning'inia, kisha unaingia baadaye au unamrudia, hasa akilipa kutoka benki au mtandao mwingine. Anza leo: kwaruza kona ya karatasi uone kama kuna nyingine chini, kisha jilipe 500. Kabla ya namba ya siri litatokea jina la mpokeaji. Halafu mwombe shemeji taarifa ya miamala ya Jumamosi, siyo neno la mdomo.

Kaka_Ilala: Na kijana je?

Fundi_Laini: Mrudishie 43,000 kwanza. Hukumpa kifaa cha kuhakiki.

Muuza_Mchele: Nimekwaruza, karatasi ni moja. Nimejilipa 500, jina limetokea la shemeji, na amekiri imeingia papo hapo. Taarifa ya Jumamosi nimemwomba tangu saa nne asubuhi, anasema atanitumia akitoka shamba. Laini siwezi kumnyang'anya, mke wangu hatanielewa.

Mama_Genge: Sajili yako leo, NIDA si imeshatoka?

Muuza_Mchele: Imetoka mwezi wa pili. Kijana nimempigia, nimemwambia aje achukue hela yake. Shemeji bado hajatuma.