Mrejesho: mwalimu wa stashahada niliyetaka kuacha kazi

Niliuliza: "Nina stashahada, nafundisha fizikia sekondari. Mshahara hautoshi. Niache au nisome?"

Wakuu, sikuacha. Nilijiunga Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini, shahada ya sayansi na ualimu, fizikia na hisabati. Ada nililipa kidogokidogo. Kilichonitesa ni maabara: likizo yangu ya Juni yote iliishia kwenye vipimo vya umeme.

Kabla ya kuanza niliomba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Mwenzangu alisoma kimyakimya. Alipomaliza, barua yake ya kubadilishiwa muundo, yaani kutoka ngazi ya mshahara ya stashahada kwenda ya shahada, ikarudi bila kukubaliwa. Yangu ilipita, ila mshahara mpya ulisubiri bajeti ya mwaka uliofuata. Miezi hiyo nilikula tuisheni ya Jumamosi. Walimu wa fizikia mtaani kwetu hawapo.