Mnaojibu barua kwa kukopi Kumb. Na. yetu, mnatuumiza masjala!

KaraniWaJalada: Jamani nimechoka. Niko masjala mwaka wa tisa na wiki hii nimehangaika siku mbili na barua moja. Tuliandikia ofisi fulani, barua yetu ikiwa na Kumb. Na. HW/M.20/14/37, yaani hiyo 37 ya mwisho ni folio, karatasi ya 37 kwenye jalada letu. Wao kujibu wakachukua namba hiyohiyo wakaibandika juu kwenye barua yao kama ndiyo kumbukumbu yao! Dogo wa zamu akaona namba yetu akadhani ni kopi ya barua yetu, akaifungia nyuma ya folio 37 bila kuipa namba wala kumpelekea bosi. Mtumishi anayesubiri uhamisho anapiga simu kila siku, jibu lake tunalo na hatujui.

Juu weka namba ya jalada LAKO. Ya kwetu itaje aya ya kwanza: "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. HW/M.20/14/37 ya tarehe 4 Machi". Basi!

Na kichwa kikaandikwa "YAH: KUHUSU OMBI LA UHAMISHO." Yah ni yahusu, sasa yahusu kuhusu ndo nini? Na nukta mwishoni ya nini, kile ni kichwa sio sentensi.

MwlChaki: Hata hiyo YAH ni kosa, sahihi ni KUH tu.

KaraniWaJalada: Mwalimu hapo sikubali, barua ngapi za serikali zinakuja na Yah na zinafanyiwa kazi. Chagua moja, usiweke zote mbili.

BintiPwani: Mi naomba kazi sijaajiriwa popote, hiyo Kumb naitoa wapi? Nilitunga yangu wakanirudishia

MzeeFolio: Binti usitunge. Kumbukumbu ni ya ofisi yenye jalada, wewe huna, acha. Ila tangazo likiwa na namba, itaje kwenye aya ya kwanza. Karani, mwishoni walifungaje?

KaraniWaJalada: Mzee wangu ndo hapo nilipopandwa na hasira zaidi. "Kny: MKURUGENZI", sahihi juu yake, jina la aliyesaini hakuna! Nampigia nani kuuliza? Saini, chini jina lako wewe uliyesaini, halafu Kny na cheo cha unayemwakilisha.

MzeeFolio: Kweli kabisa. Sisi jina likikosekana tulikuwa tunairudisha.

MwlChaki: Na "Ndugu," mnaweka wapi? Mi nafundisha ikae juu ya kichwa cha habari.

KaraniWaJalada: Zinazokuja kwangu nyingi hazina kabisa, anwani ya mwandikiwa halafu kichwa moja kwa moja.

MwlChaki: Kwenye mtihani huyo namkata maksi.

MzeeFolio: Ofisi niliyostaafu tuliiweka, ya jirani hawakuiweka, na barua zote zilifika.