Umegongwa, aliyekugonga katokomea: nani analipa? Tupeane uzoefu

Mzee wa Mwanga: Wakuu, gari limepaki kando ya barabara ya Kigoma–Kasulu, usiku linapigwa ubavuni, aliyegonga kaondoka. Wenye uzoefu, mnafanyaje?

Kijana wa Ujiji: Bima ya theedi pati ndiyo kazi yake hiyo. Peleka dai kwenye kampuni yako.

Fundi Madai: Hapana mkuu. Theedi pati yako inawalipa uliowagonga wewe. Uliyegongwa unadai kwenye bima ya aliyekugonga, na asipojulikana hakuna wa kumdai. Kinachobaki ni bima kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe. Hata ile ya moto na wizi haigusi kugongwa.

Chukulia matengenezo ni 2,400,000, na mkataba wako wa bima unasema ekses, yaani sehemu unayobeba mwenyewe, ni 10% ya dai, isipungue 300,000. Asilimia 10 ni 240,000, iko chini ya kima, kwa hiyo unakatwa 300,000 na kampuni inalipa 2,100,000. Soma kifungu cha ekses kabla ya kufungua dai, maana mkwaruzo wa 250,000 hautakupa hata senti.

Ripoti trafiki siku hiyohiyo upate ripoti yao ya ajali, PF90, ijulishe kampuni, halafu usiguse gari mpaka mkaguzi wao alione. Madai mengi yanafia hapa: bodi imenyooshwa na kupakwa rangi, mkaguzi hana cha kukagua.

Mama Urambo: Mimi boda yangu iliibiwa Tabora mjini, hiyo nayo inaingia?

Fundi Madai: Huo ni wizi dada yangu, theedi pati tupu haiulipi. Angalia kama mkataba wako wa bima umetaja wizi.

Dereva wa Nzega: Okoteni vipande vya taa. Kwenye kioo cha taa nyingi za Kijapani kuna jina la mtengenezaji, kama KOITO au STANLEY, na namba pembeni yake. Muuza spea anaijua namba hiyo ni ya Noah au ya Corolla. Vipelekeni kwa trafiki pamoja na picha ya rangi iliyobaki ubavuni.

Mzee wa Mwanga: Na shahidi akikumbuka namba ya gari?

Fundi Madai: Hapo mambo yanabadilika. Mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, unaonyesha kama gari hilo lina bima hai na ni ya kampuni gani. Likiwa halina, mwenye gari anadaiwa mwenyewe mahakamani, na hapo utategemea kama ana mali. Mwenye bima kubwa alipwe na kampuni yake, halafu yenyewe ndiyo imfuate.

Dereva wa Nzega: Likiwa lori la Burundi lililopita Manyovu, uliza Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mpaka. Dai linashughulikiwa hapahapa nchini, huhitaji kwenda Bujumbura.

Kijana wa Ujiji: Sawa nimeelewa. Ila punguzo la kutodai mwaka mzima linapotea hata kama kosa si langu?

Fundi Madai: Kampuni nyingi wanalifuta, kwa kuwa hawana wa kuwarudishia gharama. Kuna wanaokubali kulibakiza ukiongeza malipo. Waulize kabla ya kusaini.

Mama Urambo: Mimi wakala hata karatasi ya mkataba wa bima hakunipa, ni stika tu.