Barua ya kuomba mtoto asicheze michezo, kifundo kimevunjika: tupeane uzoefu

MamaKisauni
Salaam jamani. Kijana wangu wa Gredi ya 7 amevunjika kifundo cha mguu wa kulia Jumamosi tarehe 7 Februari, katiwa plasta mpaka chini ya goti. Mwalimu wake wa darasa ataka barua ya mzazi. Nimeandika mstari mmoja: "Naomba asicheze michezo mpaka plasta itoke." Yatosha? Mlioandika barua kama hii, mliandikaje?

BabuLikoni
Yatosha sana. Mifupa ya watoto huunga upesi, plasta ikitoka ndiyo kashapona. Usiwachoshe walimu na barua ndefu.

FundiPlasta
Babu, kuunga upesi ni kweli. Hilo la "ndiyo kashapona" ndilo linaloturudishia watoto kliniki.

Mama, huo mstari wako una hatari, kwa sababu umempa mwalimu tarehe isiyo yake. Mtoto akivuliwa plasta Jumatatu, Jumanne mwalimu wa michezo ana haki ya kumwita uwanjani, na barua yako yamruhusu. Mguu wenyewe siku hiyo uko hali gani? Kifundo kimekakamaa, hakikunji vizuri. Shavu la mguu limesinyaa mpaka utaliona kwa macho ukiweka miguu miwili sambamba. Jioni huvimba. Na kile kipawa cha mguu kujisawazisha wenyewe kwenye shimo au mchanga, kimelala. Akikimbia hapo, atateguka palepale, au mfupa mchanga upasuke tena.

Kwa mvunjiko wa kawaida ambao haukupasuliwa, mtoto wa umri huo hukaa na plasta wiki 3 hadi 6. Baada ya hapo, kukimbia na kuruka husubiri wiki nyingine 4 hadi 6. Kama alitiwa vyuma, muda ni mrefu zaidi na daktari wa mifupa ndiye asemaye. Kwa hiyo barua iwe na vipindi viwili: cha plasta, na cha baada ya plasta.

MwalimuJunia
Naongeza upande wa shule. Mimi nafundisha Sanaa Bunifu na Michezo, na hilo somo lapimwa, si mchezo wa kupoteza wakati. Mzazi akiandika "mtoto asamehewe somo", nikifika kujaza alama sina cha kujaza. Andika "asifanye mazoezi ya mwili, apewe kazi nyingine katika somo". Aweza kushika saa wenzake wakikimbia, kuandika magoli, kueleza sheria za mchezo. Hapo nampima bila kumsimamisha kwa mguu wake.

Pili, usinijazie majina ya mifupa. Mimi nataka kujua nimzuie nini. Kukimbia? Kusimama gwarideni? Kupanda ngazi? Darasa likiwa ghorofani, hilo la ngazi ni kubwa kuliko michezo yenyewe.

ShangaziMajengo
Jamani acheni barua, niwape kisa. Mtoto wa jirani alivunjika hivyo hivyo. Nyanya yake akasema plasta yamchoma mtoto na hili joto la Mombasa, wakailowesha ndooni, wakaikata kwa kisu, akaitwa mkandaji na mafuta ya nazi. Kile kilio! Mtaa mzima ulitoka nje. Usiku mguu ulikuwa kama boga, asubuhi mbio hospitali, eksirei ikaonyesha mfupa umehama. Ikabidi apasuliwe.

KijanaBamburi
Subhanallah. Na mkandaji alisemaje?

ShangaziMajengo
Alisema mtoto ana jicho baya la watu.

BabuLikoni
Musiwatukane wakandaji wote. Wapo wajuzi, wamewakanda watu kabla ya hizo eksirei kuja.

FundiPlasta
Babu, mteguko wa mtu mzima tutabishana mimi nawe mpaka kesho. Lakini mtoto wa miaka 12 mfupa wake karibu na kifundo una sehemu laini ambapo mfupa ndipo unaporefukia. Ukiikanda ikiwa imepasuka, mfupa waweza kukua kombo au kukoma kurefuka. Hapo mimi simo.

MamaZawadi
Na mimi nauliza, barua hii ikitumika kwa binti mwenye pumu ni maneno yayo hayo?

MwalimuJunia
Hapana, dada. Wa pumu mara nyingi ataka mazoezi ya kiasi na dawa yake ya kuvuta iwe karibu, si kuzuiwa kabisa. Fungua uzi wako, tutakujibu.

KatibuTudor
Mimi nimeandika barua za ofisi maisha yangu yote, basi chukua hii, Mama, ubadilishe utakacho:

*Kwa Mwalimu wa darasa, Gredi ya 7. Nakala: Mwalimu wa michezo.*

*Kuh: Salim kutoshiriki mazoezi ya mwili*

*Salaam, Mwalimu. Mwanangu Salim alivunjika kifundo cha mguu wa kulia tarehe 7 Februari 2026 na yuko kwenye plasta. Haruhusiwi kuukanyagia mguu huo. Anatembea kwa magongo. Atakaguliwa tena kliniki tarehe 23 Machi.*

*Naomba mpaka siku hiyo asikimbie, asiruke wala asisimame gwarideni. Akae, mguu ukiwa juu ya kiti. Naomba pia atoke darasani dakika 5 kabla ya wenzake, ili asisukumwe kwenye ngazi.*

*Plasta ikitoka, ataruhusiwa kutembea tu. Asirudi kwenye mbio wala mpira mpaka nilete barua ya pili kutoka kliniki, ambayo huenda ikafika muhula wa pili. Katika somo la michezo naomba apewe kazi ya kukaa.*

*Akilalamika maumivu yanayozidi, au vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au kubadilika rangi, tafadhali nipigieni mara moja, asisubiri kengele ya jioni. Nambari yangu ni hii hapa chini. Nimeambatisha nakala ya kadi ya kliniki.*

FundiPlasta
Hiyo safi. Maneno "mpaka nilete barua ya pili" ndiyo yanayomlinda. Tarehe ya kliniki yaweza kusogea, na likizo ya Aprili ikipita walimu hubadilishwa zamu, mwalimu mpya hajui chochote. Weka nakala nyingine nyumbani, muhula ukifunguliwa umpe tena.

Na kabla ya kuomba hiyo barua ya pili mjaribu nyumbani: atembee bila kuchechemea, ainuke kwa vidole vya mguu huo mmoja, kisha arukeruke juu yake. Ulinganishe na mguu wa pili. Kama yuwaogopa kuruka, au kesho yake asubuhi kifundo kimevimba, bado. Magongo nayo, tazama zile raba za chini. Zikilika, kwenye vigae vilivyopigwa deki huteleza vibaya.

KijanaBamburi
Kuogelea je? Pale hamna kukanyaga.

FundiPlasta
Na plasta ya chokaa? Ikilowa hulainika, haishiki kitu. Baada ya kutoka, ngozi ikiwa haina kidonda, kuogelea polepole ni kuzuri. Si kuruka kutoka ukutani pale Mji wa Kale lakini!

BabuLikoni
Ila barua ya mzazi shule nyingi hazikubali. Yatakiwa ya daktari, yenye muhuri.

MwalimuJunia
Mimi naipokea ya mzazi siku hiyo hiyo, bora kadi ya kliniki iambatishwe. Siwezi kumkimbiza mtoto mwenye plasta eti nasubiri muhuri. Ya kurudi uwanjani ndiyo naitaka ya kliniki.

KatibuTudor
Naibu mwalimu mkuu wa kwetu alizikataa zote mbili mpaka zipite ofisini kwake kwanza. Kila shule na mambo yake.

MamaKisauni
Ahsanteni sana. Darasa lao liko ghorofa ya pili, hilo sikuliwaza kabisa. Niombe darasa zima lihamishiwe chini, au nitakuwa nimezidisha?

MwalimuJunia
Omba. Wakikataa, basi apelekewe chakula akae huko juu wakati wa mapumziko, apande na kushuka mara moja tu kwa siku, kwa makalio ikibidi.

ShangaziMajengo
Kwa makalio na sare nyeupe ya shule? Sabuni ni ya nani?