Ukumbi mtupu wa Shangani: tupambe dari, ukuta wa jukwaa, au taa?

KamatiShangani
Habari zenu wadau. Niko kwenye kamati ya harusi hapa Mtwara na mapambo wamenitwika mimi. Picha ya ukumbi hiyo hapo, nimeipiga nikiwa mlangoni saa 10 na nusu jioni. Kama haifunguki kwako: sakafu ni ya vigae, kuta zote kijani cha rangi ya mafuta inayong'aa, dari ni silingi bodi nyeupe yenye mikanda ya mbao, mapangaboi 6 katika safu mbili. Mwisho wa ukumbi kuna jukwaa la zege la ngazi moja, na nyuma yake dirisha la vioo vya luva. Wageni 200, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku.

Fedha zinatosha jambo moja kubwa na lingine dogo. Nachagua kati ya (A) kufunika dari yote kwa kitambaa cheupe, (B) kupamba ukuta wa jukwaa tu, ila kwa nguvu, (C) taa za rangi za kusimama chini kuzunguka kuta. Nyie mngeanza na lipi?

DariNyeupe
A bila kujiuliza. Mgeni akiingia macho yanaenda juu, na hiyo mikanda ya mbao inaufanya ukumbi uonekane darasa. Nimehesabu vigae kwenye picha: 30 kwa upana, 50 kwa urefu. Vigae vya sentimita 40, kwa hiyo ukumbi ni mita 12 kwa 20. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 ukikikunja kijae kinafunika sentimita 75 hivi, maana yake vipande 27. Kila kipande mita 15, ukiweka mlegeo na mikia ya kushuka ukutani. Jumla mita 405. Mapangaboi zimeni, lete feni za kusimama.

FundiPazia
DariNyeupe, hesabu ya mikunjo umeipatia. Kipimo cha kigae ndicho kinanitia shaka. Tazama mlango wa milango miwili upande wa kulia: umechukua vigae 5. Kigae kikiwa cha sentimita 40, mlango una mita 2, ambao ni mpana mno kwa ukumbi wa namna hii. Kikiwa cha 30, mlango ni mita 1.5, na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha mlango wa kukunjuka pande mbili. Nadhani ukumbi huu ni mita 9 kwa 15. Simu imetudanganya sote, hasa ikipigwa kwa lenzi pana: inasukuma ukuta wa mbele mbali na kuta za pembeni nje. Vigae havisukumwi, vinahesabika, lakini lazima upime kimoja kwa rula. Kamati, usinunue hata mita moja kabla ya hapo.

Sasa dari. Watu wanaiona nyeupe na tambarare wakadhani ni rahisi. Silingi bodi haishiki msumari. Ukigonga katikati ya bodi, kitambaa kitakaa saa mbili tatu kisha kitadondoka na kipande cha bodi juu ya keki. Msumari au ndoano iingie kwenye mbao, na mbao ziko nyuma ya hiyo mikanda unayoichukia. Yaani mikanda ndiyo ramani yako. Waya wa ukuta kwa ukuta nao unahitaji mahali pa kufungia. Nondo za madirisha zipo, ila ziko chini mno, ukifunga hapo kitambaa kitapita usawa wa kofia za wageni.

Na kubwa kuliko yote ni mapangaboi. Mtu mmoja aliyekaa tu hutoa joto karibu sawa na balbu ya wati 100. Wageni 200 ni kama pasi 20 za wati 1000 zimewashwa humo ndani, katika hewa ya bahari. Feni za kusimama zinapuliza wale wa karibu. Joto lililokwama chini ya kitambaa halitoki. Utajua limekwama pale wageni watakapoanza kuhamishia viti mlangoni kabla ya chakula.

BiharusiNachingwea
Samahani, naingilia. Sisi tunafanyia nje kwenye maturubai, tena uwanja una upepo. Hicho kitambaa cha mita 15 nikifunge kwenye mabomba ya turubai moja kwa moja?

FundiPazia
Dada, wako ni ukumbi mwingine kabisa. Kwa kifupi: fungia kwenye bomba la paa, usifungie kwenye miguu, na acha nafasi kati ya kipande na kipande upepo upite. Kitambaa kilichozibwa pande zote kinageuka tanga. Ufungulie mada yake uweke picha ya maturubai.

MzeeWaSwichi
Mimi naona C, lakini si kwa kuta hizi. Taa nyekundu juu ya kijani inatoa rangi ya kahawia iliyochoka, kwa sababu ukuta wa kijani unaimeza nyekundu. Ya njano inageuka kama haradali. Na rangi ya mafuta inang'aa, kwa hiyo badala ya mwanga kusambaa unaona doa kali la taa limesimama ukutani. Ungebaki na kijani au buluu, na hizo zikirudi usoni mwa bibi harusi anaonekana ana malaria.

Jambo lingine linaonekana kwenye picha: tyubu ndefu juu. Zikiwashwa, taa za rangi hazionekani tena. Uliza kama swichi ya tyubu za jukwaani imetenganishwa na za wageni. Ikiwa zote ziko kwenye swichi moja, C inakufa hapo hapo, maana huwezi kuwazimia watu taa wakati wanakula. Umeme wenyewe si tatizo: taa 10 za wati 60 ni wati 600, pasi inakula zaidi. Ila msizichomeke soketi moja na spika za muziki.

DariNyeupe
Sawa, lakini kuwasha mapangaboi na kitambaa kikiwepo si inawezekana? Kikazwe tu.

FundiPazia
Inawezekana kwa vipande, si kwa kufunika. Pangaboi la kawaida lina upana wa mita 1.4, kwa hiyo panga zinafika sentimita 70 kutoka katikati. Ongeza nusu mita ya usalama kila upande, kwa sababu kitambaa cha shifoni hakitulii: upepo wa pangaboi lenyewe unakivuta kuelekea kwenye panga. Kikishanaswa kinajizungusha kwenye mhimili na kuvuta vipande vya jirani. Kama urefu ni mita 15 na mapangaboi ya safu hizo mbili yanafanya mistari mitatu ya kukatiza upana, kati ya mstari na mstari kuna mita 5. Toa mita 1.2 kila upande, unabakiwa na ukanda wa mita 2.6 ulio salama. Kuna kanda mbili za namna hiyo. Weka vipande viwili viwili, mita 12 kila kimoja, jumla mita 48. Hapo dari inapumua na mikanda ya mbao haivuti macho tena.

Hata hivyo ningeanza na B, na sababu iko kwenye picha yenyewe. Umeipiga saa 10 na nusu, na jua limeingia kwa dirisha la nyuma ya jukwaa, mwanga umelala sakafuni kuja mlangoni. Ukuta huo unatazama magharibi. Kuanzia saa 10 mpaka jua lizame, maharusi watakuwa na jua mgongoni. Wageni watakunja macho, na kwenye picha nyuso zitatoka nyeusi. Kitambaa cheupe chepesi peke yake hakisaidii, kitawaka kama kioo cha taa.

Kwa hiyo tabaka mbili. La nyuma kitambaa kizito cha rangi ya giza, likibana dirisha. La mbele cheupe au krimu, kikunjwe mara mbili ya upana. Jukwaa kwenye picha lina vigae 15. Kama ni vya 30, ni mita 4.5. Mara mbili ni mita 9, gawa kwa 1.5 ni vipande 6. Kila kimoja mita 3.2 pamoja na pindo. Mita 19 na kidogo, nunua 20. Ukilinganisha na mita 240 za kufunika dari hata kwa kipimo changu kidogo, utaona fedha inakoenda.

Fremu isiguse ukuta. Kumbi nyingi zinakataza misumari, na gundi ya karatasi inabandua rangi ya mafuta au inaachia yenyewe kwa unyevu. Tumia mabomba yenye vitako, kila kitako kibebe mfuko wa mchanga wa kilo 20, na mifuko ifichwe nyuma ya kitambaa. Luva za dirisha hilo zifungwe, za pembeni zote ziachwe wazi. Mkiacha za nyuma wazi, upepo utasukuma pazia mgongoni mwa bwana harusi.

MamaUkindu
Na kijani kitaishi na nini? Mnataka kukificha kwa gharama. Mikeka ya ukindu iliyotiwa rangi, ile ya kwetu, inakaa vizuri sana juu ya kijani. Isimamisheni pembeni ya jukwaa kwenye fremu hizo hizo, kuti bichi za mnazi zikatwe asubuhi ya siku yenyewe. Zikikatwa jana yake ncha zinajikunja.

MzeeWaSwichi
Hilo zuri. Tena taa mbili za mwanga wa joto zikitazama mkeka kwa chini zinaonyesha ufumaji. Na zile taa zilizobaki zielekezeni kwenye kitambaa cheupe cha jukwaa, ambacho kinapokea rangi yoyote.

KamatiShangani
Nimerudi kutoka ukumbini na futi. Kigae ni sentimita 30, FundiPazia amepatia. Ukumbi mita 9 kwa 15. Swichi za tyubu ni mbili, ya jukwaa imejitenga. Luva za nyuma mbili zimevunjika, zitazibwa na lile tabaka zito.

FundiPazia
Basi una tatizo kubwa kuliko mapambo. Hizo ni mita za mraba 135 kabla ya kutoa jukwaa. Meza za duara na njia ya kupita zinahitaji mita za mraba 1.2 kwa mgeni, wakati mwingine zaidi. Kwa watu 200 ni 240. Meza hazitoshi. Ama viti vya safu bila meza na chakula kitolewe nje, ama mpunguze wageni. Na kama ni safu, futa nguzo za maua za njiani, mtu mmoja tu akipita nazo zinalala.

DariNyeupe
Ndiyo maana nilisema juu. Dari haichukui nafasi ya sakafu. Hizo mita 48 ndizo ziwe jambo dogo, mikeka isubiri.

MamaUkindu
Mkeka uliosimama unachukua unene wa kidole, mwanangu.

KamatiShangani
Kadi zimeshatoka, wageni hawapungui. Jukwaa nimeshakata shauri, mita 20 na tabaka zito. Kati ya vipande vinne vya dari na mikeka, kamati inakaa Jumanne. Kuna anayejua kama kwenye safu za viti, njia ya katikati ikiwa mita moja inamtosha bibi harusi mwenye gauni pana, au niibane pembeni niiongezee katikati?